Yaliyosemwa Jikoni kwa Senje

Mimi nina mdomo, sikatai. Hospitalini kwetu, hii ya binafsi iliyo nyuma ya soko la Kakamega, wote wananijua: Mama Khisa wa dobi akikasirika, hata mashine za kufulia hunyamaza. Kwa hiyo siku ile nilipokaa mbele ya kikao nikaufunga mdomo wangu kabisa, watu walisema nimeshikwa na uongo. Wacha waseme. Leo nitawaambia ni nini kilinifunga mdomo, na ni nani.

Wendy ni mtoto wa kaka yangu. Kwetu shangazi anaitwa senje, na senje si mtu wa mchezo. Baba hawezi kumwuliza binti yake mambo ya ndoa, mama naye anaona haya, basi kazi hiyo ni ya senje. Msichana akiwa na neno zito analileta kwa senje, wanakaa jikoni, linasemwa, na mlango ukifunguliwa limebaki humo humo. Senje anayetoa maneno nje si senje, ni redio. Nililelewa hivyo, na Wendy nilimlea hivyo. Alipomaliza shule akabaki Bukura kuchunga kuku wa baba yake, ni mimi niliyemwombea kazi kwetu. Ni mimi niliyemfundisha kutenga shuka zenye damu, kupima sabuni, na kukunja gauni za madaktari zisiguse sakafu.

Wakati huo nilikuwa kaimu msimamizi wa dobi. Kaimu, mnajua maana yake: kazi ya mkubwa, kiti cha kuazima. Nimefua shuka za wagonjwa pale tangu mwanangu Khisa akitambaa, na sasa ana ndevu. Barua ya kunithibitisha ilikuwa njiani, Chepng'etich mwenyewe aliniambia. Huyu Chepng'etich ndiye afisa wa wafanyakazi, mwanamke mpole anayeongea kama mtu anayepima unga, lakini hakosei kipimo.

Aliwahi kutukusanya sisi wasimamizi wote kutufundisha jinsi ya kumrekebisha mfanyakazi. Akasema mtu akianza kuteleza, usikimbilie barua. Mwite mzungumze, umwulize kuna nini, mkubaliane atabadilisha nini na mtaangalia tena lini. Hayo si adhabu, lakini andika: tarehe, mlichosema, mlichokubaliana. Asiporekebika, mpe onyo la mdomo, na umwambie wazi kwamba hilo ni onyo. "Onyo la mdomo nalo linaandikwa," akasema, tukacheka, akangoja tumalize. "Linaandikwa, anasoma, anatia sahihi. Akikataa kutia sahihi, mnaandika kwamba amekataa, na shahidi anatia yake." Bado hasikii, ndipo inakuja barua ya kumtaka ajieleze, kisha kikao, naye ana haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Baada ya kumsikiliza, ndipo mnaweza kumpa onyo la maandishi, na akiona ameonewa anakata rufaa.

Nilielewa kila neno. Msifikiri mimi ni mjinga.

Basi Wendy akaanza kuchelewa. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili, yeye anaingia saa moja, mara saa moja na nusu, macho mekundu, leso imefungwa ovyo. Wenzake wakaanza kunung'unika. "Mtoto wa senje," wakasema, na walitaka nisikie.

Hapo ndipo ningemwita kwenye kile kimeza changu kando ya mashine. Lakini kumwita mtoto wa kaka yako mezani kama mgeni! Nikamwambia, "Jumapili uje ule kwangu." Akaja. Nilikuwa nimepika obusuma, ugali wetu, na mboga za tsisaga, na nilichinja kuku, kwa sababu nilijua neno lenyewe ni zito. Tukakaa jikoni, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Wendy, unachelewanga kazi. Watu wanaongea. Kuna nini?"

Akalia mpaka mboga zikapoa. Kisha akaniambia. Mume wake, akirudi amelewa, anafunga mlango kwa kufuli na kulala na ufunguo mfukoni. Mpaka aamke mwenyewe, hakuna kutoka. Akijaribu kuuchukua, anapigwa. Alinionyesha mkono, nikataka kutoka saa ile ile niende nikamtafute huyo mwanamume.

"Senje, usimwambie baba," akasema. "Atakuja na watu wanichukue, na mimi sijawa tayari. Na kazini pia, usiandike. Tafadhali, senje. Likiandikwa litasomwa."

Nikamwambia, "Halitatoka hapa." Tukakubaliana atahamia zamu ya mchana nikipata mtu wa kubadilishana naye, na kwa sasa ajitahidi, tuone mwisho wa mwezi. Mnaona? Kila alichotufundisha Chepng'etich nilikifanya. Nilimwuliza sababu, nikamsikiliza, nikamtafutia njia, nikaweka siku ya kuangalia. Kilichobaki ni kalamu tu, na kalamu nilimwahidi sitaishika.

Kubadilishana zamu kukawa shida, nani anataka asubuhi? Wendy akaendelea kuchelewa. Safari hii nikamwita kwenye chumba cha kupigia pasi, tukiwa wawili tu, nikamwambia kwa sauti ya kazi, "Wendy, hili sasa ni onyo. Ukirudia nitapeleka ofisini." Akapiga magoti pale sakafuni, kwenye maji ya sabuni. "Nimesikia, senje. Nakuomba tu usiandike." Nikamwinua. Nikasema sawa. Ningefanya nini? Mtoto wa kaka yangu amepiga magoti kwenye maji machafu!

Halafu ikaja siku ya mama yule wa Lubao.

Alikuwa afanyiwe upasuaji asubuhi. Wendy ndiye aliyekuwa wa kutoa gauni na shuka za chumba cha upasuaji kwenye mashine ya kukausha, kuzikunja na kuzipeleka zikachemshwe kwa mvuke. Hakufika. Mimi nilikuwa stoo nikipokea sabuni, nikidhani yuko. Daktari amenawa, mgonjwa amelazwa, nguo hakuna. Mama akarudishwa wodini na njaa yake ya tangu jana, akingoja mpaka alasiri. Hakufa, Mungu ni mwema. Lakini bintiye alisimama mlangoni pa dobi akaniangalia bila kunitukana, na afadhali angenitukana.

Jambo likapanda mpaka juu. Nikaandika ripoti, na ndani yake nikaandika ukweli: kwamba nimezungumza na Wendy kuhusu kuchelewa, na baadaye nikampa onyo la mdomo. La mume sikuligusa. Chepng'etich akamwandikia Wendy barua ya kujieleza, akampa siku za kujibu, akamwambia ana haki ya kuja na mtu wake.

Siku ya kikao akaja na Osundwa, mwakilishi wa chama. Osundwa ni fundi wa mitambo yetu, mtu mzuri ukiwa upande wake. Kulikuwa na karani aliyekuwa akiandika. Chepng'etich akauliza tuongee lugha gani, tukasema Kiswahili. Akaeleza kosa linalosemwa, akaeleza kwamba hakuna kilichoamuliwa bado, kisha akamgeukia Wendy.

"Ripoti inasema msimamizi wako alizungumza nawe kwanza kuhusu kuchelewa, halafu akakupa onyo la mdomo. Ni kweli?"

Nilimtazama Wendy kwa huruma, haki ya Mungu. Nilidhani ataona haya. Nilikuwa tayari hata kumtetea, niseme ana shida, apewe zamu nyingine.

Wendy akatazama mikono yake. "Si kweli," akasema. "Hakuna siku nimewahi kuambiwa kitu kuhusu kuchelewa. Nimeshangaa tu kuona barua."

Wee! Niliona kama kiti kimevutwa chini yangu. "Wendy!" nikasema.

"Mama Khisa, utapata nafasi yako," Chepng'etich akasema. Kisha, "Wendy, hamkuwahi kukaa mkaongea?"

"Tumekaa. Ni shangazi yangu. Nimekula kwake Jumapili, tukaongea mambo ya nyumbani. Kazi haikutajwa."

Na alipokuwa akisema hivyo aliinua macho akanitazama, kidogo tu, na katika yale macho nikasoma kila kitu. Alijua sitasema. Mtoto huyu alinipima kwa kipimo nilichomfundisha mwenyewe. Njia pekee ya kuonyesha kwamba tuliongea mambo ya kazi ilikuwa kusema tulichoongea: kufuli, ufunguo, mkono. Karani angeandika, Osundwa angesikia, na kabla ya jioni ingekuwa sokoni na kaka yangu angepigiwa simu. Alikuwa ameweka siri yake mbele yangu kama ngao, na mwenye kuishika ngao nilikuwa mimi.

Osundwa akakohoa. "Bi afisa, tunaomba tuone maandishi ya hayo mazungumzo. Na ya hilo onyo. Tarehe, sahihi, shahidi."

Chepng'etich akafungua faili la Wendy. Lilikuwa na barua ya ajira, picha yake, nakala ya kitambulisho, na ile barua ya kujieleza. Akaligeuza kwangu taratibu.

"Mama Khisa, uliandika popote?"

"Sikuandika."

"Kulikuwa na mtu mwingine?"

"Hakukuwa."

"Mlizungumza nini? Alikupa sababu gani ya kuchelewa?"

Mashine za dobi zilisikika kule chini. Sisi watu wenye midomo, kunyamaza kwetu kunauma kama kumeza mfupa. Nilimwangalia Wendy nikimpa nafasi ya mwisho. Sema mwenyewe, mwanangu. Sema nusu tu. Akarudisha macho kwenye mikono yake, na ule mkono niliouona jikoni ulikuwa umefunikwa na sweta.

"Sina la kusema," nikajibu.

Basi. Iliamuliwa kwamba Wendy hawezi kupewa onyo la maandishi juu ya hatua ambazo faili halizijui. Wataanza naye upya, kwa mazungumzo, na safari hii yataandikwa. Ni haki. Hata mimi, kama ningekuwa kwenye kile kiti cha Chepng'etich, ningeamua vivyo hivyo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sikuwa na wa kumlaumu ofisini. Nilikuwa na wa kumlaumu nyumbani.

Chepng'etich aliniita peke yangu kesho yake. Alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu juu yake.

"Haya ni mazungumzo tu, si onyo," akasema. "Naanza na wewe pale pale ulipopaswa kuanza naye. Ripoti yako ilitaja hatua ambazo huwezi kuzionyesha. Siandiki kwamba umedanganya, kwa sababu sijui."

"Sijadanganya."

"Nakuamini, Mama Khisa. Lakini imani yangu haiwezi kuwekwa kwenye faili." Akaisogeza kalamu kando. "Alikuambia jambo la siri, sivyo?"

Nikaitazama ile kalamu.

"Usiniambie. Ila ujue hukuhitaji kuiandika siri. Ungeandika mstari mmoja: ana shida ya nyumbani, tumekubaliana kumbadilishia zamu, tutaangalia mwisho wa mwezi. Angesoma, angetia sahihi, siri ingebaki kwako. Na mimi ningempata mtu wa kubadilishana zamu wiki ile ile."

Mstari mmoja! Nilitaka kucheka, nikalia. Nililia mbele ya mtu mdogo kwangu, na hakuniambia pole za bure, alinisogezea maji tu. Halafu akanisomea alichoandika, akaniuliza kama kuna cha kuongeza au cha kupinga. Nikakisoma tena mwenyewe, mstari kwa mstari, nikatia sahihi, akanipa nakala.

Barua ya kunithibitisha haikuja. Wakubwa walisema nafasi itatangazwa, nami niko huru kuomba kama wengine. Nikakirudisha kile kiti cha kuazima, nikarudi kwenye mapipa ya shuka. Wendy alikuwa kwenye meza ya kukunjia, hatua chache kutoka kwangu. Wakawa wanasema, "Mama Khisa alitaka kumfukuzisha mtoto wa kaka yake kwa uongo." Alikuwa akiwasikia. Aliendelea kukunja. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini waliotuachia methali hii hawakusema ufanye nini siku mdudu mwenyewe ni damu yako.

Nilikuwa na hasira, jamani. Bado ninayo. Sikuwa na hasira ya cheo, cheo kinatafutwa. Nilikasirika kwa sababu aliuona uaminifu wangu akautumia kama mwizi anayejua mbwa wa boma hili habweki.

Jumapili moja baada ya hapo, mchana, nikiwa nasonga ugali, mlango ukagongwa. Wendy. Begi begani, uso umevimba upande mmoja, viatu vya ndani miguuni.

"Senje," akasema. "Alisahau ufunguo mezani. Nimetoka. Sirudi."

Nilimfungulia. Ningefanyaje, nimwache barabarani? Nikamwosha uso kwa maji ya chumvi, nikampeleka akatibiwe, tukapita polisi akaeleza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Huko alijua kusema kila kitu, na akasubiri waandike. Tuliporudi obusuma ulikuwa umepoa. Tukakaa jikoni, pale pale.

"Ni Osundwa aliniambia," akaanza. "Alisema kama halikuandikwa, halikufanyika. Alisema likithibitishwa hilo onyo nimekaribia kufukuzwa. Na mimi bila kazi, senje, ningetoka vipi kwa yule mtu? Niliogopa. Nilijua wewe hutanisaliti."

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

Alisema hivyo kama mtu anayenisifu. Akanyoosha mkono ashike wangu, nikauondoa nikauweka mapajani. Akaanza kulia, akasema, "Senje, nataka nikuambie mambo yote, tangu mwanzo, lakini yasitoke hapa."

Nikasimama. Nikaenda chumbani kwa Khisa nikachukua daftari na kalamu, nikarudi, nikafunga mlango wa jikoni kama kawaida yetu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe juu.

"Senje," akasema polepole, "hata hapa nyumbani?"

"Sema," nikamwambia. "Ukimaliza utasoma, utatia sahihi, kila mtu atabaki na nakala yake. Kisha nitakupakulia ule."

Alinitazama kwa muda mrefu akitafuta shangazi yake usoni mwangu. Mimi pia nilikuwa nikimtafuta. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya leso, akaanza kusema, nami nikaandika.